Rekodi ya webina baada ya mubashara: kichwa kikae vipi ili iendelee kupatikana

> Wakuu, tuko Newala, tunarusha webina za kilimo cha korosho YouTube. Siku ya mubashara watu wanajaa, ila wiki ikipita rekodi inakufa kabisa, ukitafuta huioni. Tubadilishe vichwa au tuviache kama vilivyotangazwa? Na tukibadilisha tuandike nini?

Mkuu, badilisheni, na ikiwezekana iwe usiku uleule mubashara inapoisha. Kichwa cha tangazo kinamwita mtu ambaye tayari anajua kuna kikao, ndiyo maana kinataja jina la kikao, tarehe na saa. Anayekuja miezi miwili baadaye hana habari na kikao chenu. Ameona unga mweupe kwenye maua ya mikorosho yake, kashika simu, anaandika shida yake. Maneno hayo yasipokuwemo kwenye kichwa, hamkutani, hata kama mtoa mada alitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele.

Nikupe mfano wa rekodi moja ninayoisimamia hapa Mtwara. Wakati wa kutangaza ilikuwa hivi:

```
LIVE: WEBINA YA WADAU WA KOROSHO, SEHEMU YA 3, 12 JUNI SAA 2 USIKU, KARIBUNI WOTE
```

Baada ya mubashara ikawa hivi:

```
Ubwiriunga wa korosho: lini uanze kupulizia salfa
```

Swali hilo hatukulibuni. Lilitoka kwenye chati ya mubashara yenyewe. Mada ilikuwa pana, magonjwa na wadudu kwa ujumla, lakini wakulima walikuwa wanarudia lilelile: salfa naanza lini, nimechelewa au bado? Nililipeleka kwenye kisanduku cha kutafutia cha YouTube, nikaandika neno moja moja kuona linavyojikamilisha lenyewe, kisha nikafanya hivyo Google. Google Trends usiitegemee sana kwa maneno yetu ya shambani, mara nyingi inakuambia data haitoshi. Chati, na maswali yanayoendelea kwenye grupu la WhatsApp kesho yake, ni chanzo bora zaidi, kwa sababu hapo mkulima anaandika kwa maneno atakayotumia pia kutafuta.

YouTube inakubali kichwa cha herufi hadi 100, nafasi zikihesabiwa, lakini kwenye simu kinakatwa mapema. Kwa hiyo jina la ugonjwa na swali vikae mwanzoni. Hicho cha pili kina herufi 49, kinaonekana chote au karibu chote. Cha kwanza kikikatwa, mtu anabaki na "LIVE: WEBINA YA WADAU WA KOROSHO", na kama webina zenu zote zinaanza hivyo, zinafanana mbele ya mtafutaji na hakuna inayojibu chochote. Jina la kikao usilitupe, liweke mstari wa kwanza wa maelezo: "Rekodi ya Webina ya Wadau wa Korosho, sehemu ya 3." Atakayelitafuta kwa jina hilo bado ana njia ya kuifikia. Humo humo andika pia "ubwiri unga" kwa kutenganisha, maana wengi wanaandika hivyo. Wala usiogope linki mlizokwisha kusambaza, kwani kubadilisha kichwa hakugusi anwani ya video.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Kichwa kinaahidi salfa, mtu anafungua anakutana na "mnanisikia?", utambulisho, salamu za mwenyekiti, na jibu la salfa liko dakika ya arobaini na kitu. Anaondoka. Wakiondoka wengi namna hiyo, YouTube inaona kwamba video hii haikuwaridhisha waliotafuta swali hilo, na inaacha kuipendekeza. Kichwa kizuri juu ya rekodi ambayo haijakatwa hakidumu. Ingia YouTube Studio, fungua Editor, kata ule mwanzo wote wa kusubiriana. Anwani inabaki ileile. Ila kabla ya kukata, nakili maswali ya chati pembeni, kwa sababu ukishakata, marudio ya chati hayaonekani tena.

Ukishamaliza kukata, ndipo uandike sura kwenye maelezo. Ukiziandika kabla, dakika zote zitahama. Za kwetu zilikaa hivi:

```
00:00 Dalili za ubwiriunga kwenye maua na majani machanga
06:40 Lini uanze kupulizia salfa
19:15 Siku 14 au 21: salfa ya unga na dawa ya maji
33:50 Maswali ya wakulima
```

Ya kwanza lazima iwe 00:00, ziwe angalau tatu, zipangwe kwa mfuatano, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Kila sura ni kichwa kidogo kinachojitegemea, kwa hiyo usiandike "Mada ya kwanza" au "Mtoa mada wa pili". Kama jibu kubwa liko mbali sana na mwanzo na huwezi kukata mpaka hapo, toa kipande hicho kama video yake, kipe swali lake, na rekodi nzima uipe kichwa kipana kidogo.

Kuhusu mwaka kwenye kichwa, angalia mada. Muda wa kuanza salfa unafuata mti unavyotoa maua, kwa hiyo 2024 au 2025 inamfanya mkulima wa mwaka unaofuata adhani imepitwa. Ondoa. Lakini webina ya mnada kupitia soko la bidhaa la TMX, au ya mgao wa pembejeo, bila "msimu wa 2024/2025" inamdanganya mtu, maana bei na taratibu hubadilika. Hapo msimu ubaki. Na tafadhali, msichukue rekodi ya msimu uliopita mkaibandika mwaka mpya. Mkulima anaweza kuingia gharama kwa taarifa iliyokufa.

Kama pia mna ukurasa wa tovuti uliokuwa wa kujisajili, badilisheni `<title>` pamoja na kichwa kikubwa `<h1>`, vyote viwili. Google huweza kujichagulia kichwa kutoka kwenye maandishi makubwa ya ukurasa, na kama pale juu bado pameandikwa "Jisajili sasa", hicho ndicho kinaweza kutokea. Anwani ya ukurasa iacheni ilivyo.

Mwisho, namna ya kupima. Usihukumu kwa wiki ya pili. Kushuka baada ya mubashara ni kawaida, kwani wale walikuja kwa mwaliko. Rekodi ya ubwiriunga inatafutwa mikorosho inapoanza kuchanua, kuanzia Juni na kuendelea, na Desemba watu wako kwenye maghala na minada. Linganisha Julai na Julai. Ndani ya Analytics nenda kwenye vyanzo vya watazamaji, fungua "YouTube search", usome maneno waliyoandika. Ukiona wanakuja kwa "dawa ya unga kwenye maua ya korosho" na kichwa hakina "maua", kirekebishe mara moja, kisha ukiache wiki kadhaa. Ukikibadilisha kila siku hutajua kipi kilisaidia.

Weka hapa vichwa vya rekodi zenu mbili tatu, na maswali yaliyojirudia kwenye chati ya kila moja, tuvipitie pamoja kabla mikorosho haijaanza kutoa maua.