SSD ya nje inapokata mwendo katikati ya kazi: ni joto, au ni kitu kingine?

Wewe unayeanza kazi ya kuhariri video au kutunza mafaili ya ofisi, mapema tu utakutana na hali hii. Unachomeka SSD ya nje, unaanza kunakili folda kubwa, kasi inaanzia megabaiti 850 kwa sekunde na unafurahi. Dakika chache baadaye mstari unaanguka hadi 200, unapanda kidogo, unaanguka tena. Wengi hukimbilia kubadilisha waya au kulaumu laptopu. Mara nyingi waya hauna kosa: waya mbovu au tundu la USB la kasi ndogo hukuonyesha udhaifu wake tangu sekunde ya kwanza, haungoji gigabaiti 100 zipite.

Kinachongoja ni mambo mawili, na yanafanana sana kwa macho. La kwanza ni joto. Kontrola, yaani chipu inayoongoza SSD, ina kipimo cha joto ndani yake, na ikifika kiwango ilichopangiwa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. La pili ni akiba ya haraka. SSD nyingi za bei ya kawaida hutumia sehemu ya nafasi iliyo wazi kuandika upesi kwanza, kisha hupanga data vizuri baadaye. Akiba hiyo ikijaa, kasi inashuka hata kama diski ni baridi kabisa. Na kadiri diski inavyozidi kujaa mafaili, ndivyo akiba hiyo inavyokuwa ndogo.

Utasikia mtu akisema, "Ipumzishe, ikirudi kwenye kasi yake basi ilikuwa joto." Usifuate. Diski ikipumzika inapoa, ndiyo, lakini wakati huohuo inapata nafasi ya kuhamisha data kutoka kwenye akiba. Matatizo yote mawili yanapona kwa mapumziko, kwa hiyo kipimo hicho hakikuambii lolote.

Angalia kwanza umbo la kushuka. Akiba ikijaa, kasi kwa kawaida huteremka mara moja na kutulia huko chini. Joto huleta msumeno: inashuka, chipu inapoa kidogo, inapanda, inapata moto, inashuka tena. Halafu soma joto lenyewe. Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskInfo inatosha. Kwenye Linux tumia smartctl, ila kwa diski iliyo ndani ya kasha la USB lazima uitaje chipu ya kasha. Kwa kasha lenye chipu ya Realtek:

```
sudo smartctl -a -d sntrealtek /dev/sdb
```

Kama chipu ni ya ASMedia weka `sntasmedia`, na kama ni ya JMicron weka `sntjmicron`. Badilisha `/dev/sdb` kulingana na jina ambalo diski yako imepewa. Tafuta mstari wa `Temperature`, kisha ulinganishe na `Warning Comp. Temp. Threshold`, ambacho ni kiwango cha onyo alichoweka mtengenezaji wa SSD hiyo. Kuna mstari mwingine ambao wageni huupita: `Warning Comp. Temperature Time`. Huo unahesabu dakika ambazo diski imekaa juu ya kiwango cha onyo katika maisha yake yote. Ukiona si sifuri kwenye diski uliyonunua mkononi, umejua mwenyewe wa zamani aliitumiaje. Sifuri nayo isikutulize sana, kwa sababu SSD nyingi huanza kupunguza kasi kabla ya kufika kwenye onyo.

Sasa nikueleze kisa kimoja kwa undani, maana ndani yake kuna mtego. Kijana wa studio hapa Dar es Salaam alileta diski ya terabaiti 1 aina ya NVMe, yaani SSD ya kasi kubwa yenye umbo la ubao mwembamba, ndani ya kasha la alumini, USB ya gigabiti 10. Ilikuwa nusu tupu. Kazi yake ni kumwaga video za harusi, kama gigabaiti 300 kwa mara moja, chumba kikiwa na joto la digrii 33. Kasi ilianguka baada ya gigabaiti 140 hivi, yaani chini ya dakika 3, na kazi nzima ikachukua dakika 17 badala ya 6. Alikuwa ameshaelekeza feni ya mezani kwenye kasha na hakuona tofauti yoyote. Akahitimisha kwamba ni akiba imejaa, akataka kununua SSD nyingine.

Nikaligusa kasha kazi ikiendelea. Lilikuwa vuguvugu tu, na ndani kipimo kinasoma digrii 79. Shika jambo hili: kasha la moto ni habari njema, kwa sababu joto linatoka. Kasha vuguvugu lenye SSD inayopunguza kasi maana yake joto limenaswa ndani, na feni hata iwe ya kiwandani itakuwa inapoza bati ambalo halina moto.

Tukafungua kifuniko, tukaiacha SSD wazi mbele ya feni ileile, mafaili yaleyale, nafasi wazi ileile. Ikapita gigabaiti 140 bila kutetereka na ikamaliza zote 300. Hapo akiba ikaondolewa mashaka, kwa sababu akiba haijali upepo: ingejaa palepale ilipojaa mwanzo. Kwa hiyo ukitaka kupima kwa feni, pima kifuniko kikiwa kimefunguliwa. Pima kwa feni huku kasha limefungwa, na unaweza kudanganyika kama alivyodanganyika yule kijana.

Kosa lilikuwa kwenye pedi ya joto, ule utepe laini wa mpira unaowekwa kati ya SSD na kifuniko. Pedi iliyokuja na kasha ilikuwa ya milimita 0.5, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa zaidi ya milimita 1. Pedi ililala juu ya chipu bila kugusa kifuniko. Utalijuaje hilo bila kipimo? Fungua kasha ambalo limefungwa kwa siku kadhaa, uitazame pedi upande unaoelekea kifuniko. Ikiwa imegusa, uso wake unakuwa umebonyea na kung'aa kwa kubanwa, na upande wa pili una alama za pembe za chipu. Ikiwa haijabonyea na ina vumbi, haijawahi kugusa kifuniko. Angalia pia kama karatasi ya nailoni imebanduliwa pande zote mbili. Wengi hubandua moja na kusahau ya pili.

Kwa nini hewa kidogo hivyo ilete balaa kiasi hicho? SSD ya M.2 ya kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Chukulia inatoa wati 5 za joto. Kupitisha wati hizo kwenye milimita 1 ya hewa iliyotulia, kwa hesabu ya karatasi, kunahitaji tofauti ya zaidi ya digrii 100 kati ya chipu na kifuniko. Pedi ya kawaida yenye unene huohuo inahitaji kama digrii 1. Kiuhalisia joto hupata vichochoro vingine, na hujikusanya zaidi juu ya kontrola kuliko kusambaa sawasawa, lakini pengo kati ya hizo namba mbili ndilo linaloeleza kila kitu. Tukaweka pedi ya milimita 1.5 ambayo ilibanwa kidogo. Kazi ileile, kasha limefungwa, bila feni: gigabaiti 300 kwa dakika 6, na joto likaishia digrii 71. Usiende ukaweka pedi nene kupita kiasi, lakini. Ukilazimisha kifuniko kifunge, unaipinda SSD, na ubao wake ni mwembamba.

Pedi ikishafanya kazi yake, swali linahamia kwenye kasha. Hapa wauzaji husifu uzito, na uzito una faida, ila faida yake ni muda. Kasha la alumini la gramu 60 pamoja na SSD yake, likipokea wati 6, hupanda takribani digrii 5 au 6 kwa dakika mwanzoni. Ongeza alumini mara mbili na kasi ya kupanda inapungua karibu nusu. Ndiyo maana kasha zito hupita majaribio mafupi kwa kishindo. Lakini alumini ikishajaa joto, kinachobaki ni eneo la uso linalogusa hewa. Kasha la ukubwa wa kidole gumba kilichonenepa, kwenye hewa iliyotulia, likiendelea kupokea wati 6 linaweza kufika karibu digrii 60 juu ya joto la chumba. Fanya hesabu hiyo kwenye chumba cha digrii 33 uone unafika wapi. Upepo mdogo wa feni unaweza kukata kupanda huko zaidi ya nusu. Kwa hiyo kama kazi zako ni za dakika 5, nunua kasha zito ulale. Kama unanakili terabaiti nzima, tafuta lenye mapezi marefu au lenye kifeni, na uvue ile soksi ya silikoni wanayoiweka kama kinga. Mchana wa Februari, hiyo ni sweta. Makasha ya plastiki tupu yasiyo na bati ndani siyanunui kwa NVMe.

Na kama huwezi kubadilisha chochote leo, punguza kasi mwenyewe. Kwenye Linux, programu ya kunakili ya rsync inaweza:

```
rsync -a --bwlimit=400m --info=progress2 video/ /media/diski/video/
```

Inaonekana kama kujinyima, lakini kwa ile diski ya kijana kabla ya kubadilishwa pedi, dakika 17 zilikuwa sawa na wastani wa megabaiti 300 kwa sekunde. Ukishikilia 400 bila diski kuchemka, unamaliza kwa dakika 12 hivi. Jaribu namba kadhaa huku ukitazama joto, kisha ubaki na ile ya juu kabisa isiyoleta msumeno.

Lipo jambo moja ambalo smartctl haitakuonyesha. Ndani ya kasha kuna chipu ya pili, ile inayounganisha NVMe na USB, nayo hupata moto wake, na makasha mengi hayaiwekei pedi. Hiyo ikizidiwa haipunguzi kasi kwa adabu. Diski nzima hupotea kwenye kompyuta katikati ya kunakili, kisha inarudi ukiichomoa na kuichomeka. Ukiona hivyo na joto la SSD bado ni la wastani, kata kipande cha pedi ukiweke juu ya chipu hiyo kiguse kifuniko. Yale mafaili yaliyokuwa njiani wakati diski inapotea usiyaamini. Rudia amri ileile ya rsync ukiongeza `-c` ili ilinganishe yaliyomo, na kadi ya kamera isifutwe hadi imalize.