Umeuza opsheni ya kununua: ushike hisa ngapi, na bei ikisogea ufanye nini?

"Wakuu, kwenye zoezi nimeuza opsheni ya kununua hisa 10,000 kwa bei ya shilingi 30, imebaki miezi mitatu. Hisa sasa iko 30. Nijikinge na hisa ngapi, na bei ikipanda je?"

Mkuu, umemuuzia mwenzako haki ya kununua hisa hizo kwa 30, kwa hiyo bei ikipanda hasara ni yako. Anza na delta: bei ya hisa ikisogea shilingi moja, thamani ya opsheni husogea takriban kiasi gani. Weka kwenye Excel bei ya hisa B1, bei ya mkataba B2, riba B3, mtikisiko wa bei kwa mwaka B4, na muda kwa miaka B5:

```
=NORM.S.DIST((LN(B1/B2)+(B3+B4^2/2)*B5)/(B4*SQRT(B5)),TRUE)
```

Kwa riba ya 10%, mtikisiko wa 30% na muda wa 0.25, bila gawio, utapata 0.60. Kwa hiyo nunua hisa 6,000.

Sasa bei ipande hadi 32 siku hiyo hiyo. Hisa zako zimeingiza 12,000, lakini opsheni uliyouza imepanda kwa takriban 13,500. Pengo hilo la 1,500 linatokana na delta yenyewe kupanda njiani. Sasa ni 0.75. Ongeza hisa 1,500 kwa 32. Bei ikirudi 30, delta inarudi 0.60, nawe unaziuza hizo 1,500 kwa 30. Umepoteza 3,000, ingawa bei iko pale pale ilipoanzia. Aliyeuza opsheni hununua ghali na kuuza rahisi kila mara. Hilo si kosa la hesabu. Fidia yake ni primiamu, yaani pesa uliyolipwa ulipouza opsheni, hapa kama 21,700, ambayo mwanzoni huyeyuka upande wako kama shilingi 140 kwa siku, kabla ya riba ya pesa uliyofungia kwenye hisa.

Ada ya dalali ndiyo huharibu zaidi. Tuseme ni 1.5%: mzunguko ule mmoja umekula karibu 1,400 juu ya zile 3,000. Kwa ada za Nairobi, kusawazisha kila siku ni kumlisha dalali. Weka mpaka, mathalani usiguse kitu hadi delta iachane na hisa ulizoshika kwa 0.10, yaani hisa 1,000. Na kwenye kaunta isiyo na wanunuzi wengi, angalia kwanza kama hizo 1,000 zitapita bila kusukuma bei.

Siku za mwisho ndizo mbaya. Zikibaki siku mbili, hisa ikiwa 29.50 delta ni kama 0.235, ikiwa 30.50 ni 0.78. Shilingi moja tu inakudai takriban hisa 5,500. Hapo heri kuinunua opsheni yenyewe ufunge mkataba, kama mwenzako anakubali bei ya haki.

Aliyenunua opsheni hiyo hujikinga kinyume, kwa kuuza hisa za kukopa. Nairobi kuzipata za kukopa ni kazi, kwa hiyo upande wako ndio rahisi kuujaribu.