Njumu za kwanza za mtoto: kagua uwanja kabla ya kwenda dukani

Mtoto akishapokelewa kwenye timu, kabla hujaingia Kariakoo nenda kakanyage uwanja atakaofanyia mazoezi. Binti wa dada yangu ana miaka 12, na timu yake hapa Dar es Salaam inachezea uwanja wa udongo mgumu wenye changarawe, nyasi zimebaki kwenye kona tu. Uwanja huo ndio uliotuamulia aina ya viatu, ingawa yeye alishachagua rangi kitambo kwenye simu ya mama yake.

Geuza kiatu uangalie soli. Kwenye boksi au lebo mara nyingi utakuta herufi mbili. FG ni meno ya plastiki ngumu, yaliyotengenezwa yazame kwenye nyasi za asili. SG huwa na meno marefu zaidi, mengi ya chuma, kwa ajili ya uwanja laini wenye tope. TF ni vijimeno vifupi vya mpira, vingi, vimetapakaa soli nzima. Madukani FG ndizo zinazojaa, maana ndizo watoto wanazoziona kwenye televisheni. Lakini kwenye udongo mkavu meno hayo hayazami. Mtoto anabaki amesimama juu ya vigingi, na kila akitua, kishindo kinaishia kwenye kisigino.

Umri huu kisigino si cha kuchezea. Mfupa wake bado unakua, na pale nyuma, kano nene inaposhika, kuna sehemu laini ya gegedu inayouma ikigongwa na kuvutwa mara kwa mara. Utamgundua: akitoka mazoezini anatembea kwa vidole, na ukimbana kisigino kwa pande mbili anaruka. Akifika hapo anahitaji kupumzika na kuonwa na daktari, siyo kuvumilia. Kwa uwanja kama wetu nilichukua TF bila kusitasita. Timu ikihamia kwenye nyasi nzuri, tutazungumza upya.

Kwenye saizi ndipo wauzaji wanapowapata wazazi. "Mjomba, mtoto anakua huyu, chukua namba mbili mbele," aliniambia kijana wa dukani. Nikakataa. Kwenye kiatu kikubwa mguu unateleza kila akifunga breki, vidole vinagonga mbele mpaka kucha inakuwa nyeusi, na kisigino kinatoka malengelenge. Mpime jioni, miguu ikiwa imeshatanuka kidogo kwa kutembea, akiwa amevaa soksi zile zile za mpira. Asimame kwenye karatasi, kisigino kiguse ukuta, uweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi hailingani. Wa kushoto ulikuwa sentimita 23.1, wa kulia 23.4, basi tukafuata wa kulia.

Namba za Uingereza, Marekani na Ulaya zitakuchanganya bure. Tafuta kwenye lebo palipoandikwa CM au JP: JP 240 maana yake kiatu cha mguu wa sentimita 24. Ndicho tulichochukua. Akisimama, mbele pakabaki upana wa kidole chake kidogo, na kisigino hakikupanda alipokimbia pale nje ya duka.

Mtumba siukatai. Kunja kiatu pale vidole vinapokunjika. Ukiona mwanya kati ya soli na ngozi, gundi imeshakufa. Toa na soli ya ndani. Kama unyayo wa mwenyewe wa kwanza umezama upande mmoja sana, mwachie muuzaji. Kikiwa kizima, mpelekee fundi viatu aizungushie soli uzi kabla mtoto hajakivaa.

Vilinda ugoko, ambavyo watoto wanaviita shingadi, visikosekane: sheria za mpira zinavitaka, tena vifunikwe na soksi. Kianzie juu kidogo ya kifundo na kiishie vidole viwili vitatu chini ya goti. Mwambie achuchumae, kikimchoma juu ya mguu, ni kirefu.

Mpira nunua mwisho, timu inayo ya kwake. Miaka 12 iko mpakani: wengine bado wanatumia namba 4, wengine wameshahamia namba 5, hivyo muulize kocha. Namba inayochapishwa kwenye mpira si ya kuaminika kila mara, kwa hiyo beba futi ya fundi cherehani. Namba 4 ina mzunguko wa sentimita kama 64 hadi 66, namba 5 ni 68 hadi 70. Kwa changarawe chukua wa raba. Ule wa ngozi bandia inayong'aa utachubuka mapema. Na sindano ya pampu ilowanishwe kwanza, hata kwa mate, maana ikiingia kavu inachana valvu na mpira utakuwa unalala na upepo unaamka bila.