Derivativu kwa mfano wa gari

"Nina lekcha ya kwanza ya derivativu, mwaka wa kwanza injinia, mfano wa gari nauanzaje?"

Anza na spidomita, fomula baadaye. Gari linaondoka kituoni, umbali ni s = 2t² mita, waulize sekunde ya 3 mshale unasoma ngapi. Kuna atakayesema 18/3 = 6, huo ni wastani tangu liondoke, siyo spidi ya pale pale. Sasa piga ubaoni taratibu, wastani kutoka sekunde ya 3 hadi ya 4 unapata 14, hadi 3.1 unapata 12.2, hadi 3.01 ni 12.02, wataona wenyewe inakimbilia 12 m/s, kama 43 km/h hivi. Lazima mmoja ataweka tofauti ya muda iwe sifuri apate 0/0, hapo ndo ukae sana maana limiti inazaliwa hapo, derivativu yenyewe, 4t, iache mwisho kabisa.