Taa ya injini asubuhi tu, pampu ya hewa

"Wakuu, gari yangu ya petroli ikiwashwa asubuhi inawaka taa ya injini. Mashine ya kupima inasoma kodi P0411. Fundi anataka ninunue pampu ya hewa. Nipo Nyegezi, Mwanza."

Mkuu, usinunue kwanza. Pampu hiyo hufanya kazi injini ikiwa ya baridi tu, kama dakika moja hivi. Inasukuma hewa safi kwenye eksozi ili petroli ya ziada iungulie huko na katalaiza ipate moto haraka. Ndiyo maana mchana kompyuta haina cha kulalamikia.

Kesho alfajiri fungua boneti, mtu mwingine awashe gari. Ukisikia mvumo kama wa feni kubwa, pampu inazunguka. Kukiwa kimya, angalia fyuzi na rilei yake, kisha ipe pampu umeme wa betri moja kwa moja.

Yangu ilivuma vizuri kabisa na kodi ikawa hiyohiyo yako. Nikachomoa hozi upande wa valvu inayofungulia hewa kuingia kwenye eksozi: hewa inatoka kwa nguvu. Kumbe valvu imeganda kwa masizi, haifunguki. Niliisafisha, ikarudia baada ya wiki mbili, nikaweka mpya.

Ndani ya hozi ukikuta masizi au maji, valvu haifungi, na moshi wenye mvuke unarudi kuozesha pampu. Hapo pampu mpya bila valvu mpya itakufa vilevile. Kuendesha unaweza kwa sasa, ila taa ikianza kupepesa, simama.