Barua kwa mwanangu: dakika tano za semina

“Baba, nimepewa dakika tano kwenye semina nizungumzie jinsi mitandao ya kijamii inavyobadilisha urafiki na jamii. Nianzie wapi, na niseme nini?”

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Anza na tanzia, si historia ya intaneti. Kwa mzungumzaji asiyekimbia, dakika tano ni kama maneno mia tano, nayo yanatosha hoja moja tu. Dakika ya kwanza sema hivi:

“Mtu akifariki Lamu, zamani habari ilipita mdomo kwa mdomo kutoka Mkomani hadi Langoni, na aliyeipata aliinuka kwenda mazikoni. Leo inaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na kabla maiti hajaoshwa, ‘Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun’ zimepangana moja chini ya nyingine, nyingi zikiwa zimenakiliwa kutoka kwa aliyetangulia.”

Hapo nyamaza kidogo, kisha taja faida kwanza, maana wasikilizaji wako ni vijana na hawapendi kulaumiwa. Jamaa aliyeko Nairobi hupata habari saa ile ile, akatuma mchango wake kwa M-Pesa. Hapa mlete Mark Granovetter, mwanasosholojia aliyeandika mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaojuana nao kwa mbali, kwa kuwa marafiki wa karibu hujua yale yale tunayoyajua sisi. Kundi la mtaa huwaweka hai watu hao wa mbali bila gharama kubwa.

Kisha geukia upande wa pili, na huu ndio uupe muda mrefu zaidi. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikadiria kwamba binadamu humudu uhusiano wa kudumu na watu wapatao 150, na kati yao wa ndani kabisa ni kama watano. Wataalamu wengine wanaipinga hesabu hiyo, kwa hiyo iite makadirio. Kundi la WhatsApp huweza kubeba watu 1,024, lakini saa za kumkalia mfiwa hazijaongezeka. Kwa maoni yangu, linalobadilika hasa ni deni: aliyeandika pole mbele ya watu wote hujiona amekwisha kulipa, na mfiwa hawezi kumdai. Ukitaka kulipima jambo hili, usihesabu ujumbe. Waangalie walioandika pole, uone ni wangapi walifika kwenye khitma.

Usidai kwamba simu ndiyo iliyoua matanga. Wengi wamehama kutafuta kazi, na wapo wanaoandika na kuja pia. Ukilisahau hilo, swali la kwanza litakuangusha. Yale ya mtaani kwetu yaseme kuwa umeyaona kwa macho yako, usiyaite utafiti.

Ukiona dakika ya nne imefika nawe bado uko kwa Granovetter, mruke Dunbar uende moja kwa moja kwenye deni.

Baba yako,
Lamu