Mistari kwenye video za ukumbini

"Wakuu, video zangu za harusi zikiwa ukumbini zina mistari myeusi inayotembea. Kamera imekufa?"

Kamera ni nzima, mkuu. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa nyingi za ukumbini hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 30 kwa shata ya 1/60, hesabu haziendani, ndiyo unaona mistari. Ingia kwenye menyu uchague PAL, fremu 25, shata 1/50. Mwanga ukizidi, 1/100.

Taa za rangi za MC ni kichwa kingine, zina mapigo yake. Nenda mapema, mwambie DJ aziwashe zote, kisha badilisha shata kidogokidogo hadi mistari itulie. Maharusi wakishaingia umechelewa.